Sifuri kugawanya kwa sifuri: njia nne za kulieleza klabu ya hisabati, na ipi uichague

Mtu akipewa dakika 15 mbele ya klabu ya hisabati hapa Malindi, na mada yake ni kwa nini 0 ÷ 0 haina jawabu, kishawishi cha kwanza ni kumwaga kila hoja anayoijua. Asifanye hivyo. Zipo hoja nne zinazostahili ubao, na kila moja inathibitisha jambo lake. Mbili kati ya hizo, ukizitumia peke yake, zinaweza kumtoa mwanafunzi akiamini kitu kibaya kuliko alichoingia nacho.

Ili kuzilinganisha tunahitaji vipimo, navyo ni viwili. Cha kwanza: je, msikilizaji ataona kwamba ugonjwa wa 0 ÷ 0 si ule wa 5 ÷ 0? Wengi hutupa vyote viwili kapu moja, "ukigawanya kwa sifuri ni makosa", wakaishia hapo. Cha pili: je, hoja inamjibu yule mwanafunzi wa nyuma anayenyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, si tukubaliane tu kwamba jawabu ni 0?" Huyo yupo katika kila klabu, na swali lake si la kipuuzi hata kidogo.

| Njia | Muda | Anayeifuata | Hutenganisha 5 ÷ 0 na 0 ÷ 0? | Humjibu "tukubaliane tu"? |
|---|---|---|---|---|
| Kukagua kwa kuzidisha | dakika 4 | yeyote | ndiyo | nusu |
| Kuliita jawabu k | dakika 5 | ajuaye kujumlisha sehemu | hapana | ndiyo, kabisa |
| Ithibati bandia ya 2 = 1 | dakika 5 | kidato cha pili kwenda juu | hapana | kwa jawabu 1 peke yake |
| Kukaribia sifuri | dakika 8 | kidato cha tatu na cha nne | ndiyo | hapana |

Kikokotoo hakimo kwenye jedwali kwa makusudi. Tutafika huko.

Kukagua kwa kuzidisha

Hii ndiyo njia ya kuanzia, na kama una dakika tano tu basi iwe ndiyo njia yako pekee. Msingi wake ni kwamba kugawanya ni kutafuta nambari iliyopotea kwenye kuzidisha. Tukiuliza 12 ÷ 3, tunauliza: nambari gani ikizidishwa kwa 3 inaleta 12? Ipo moja, 4, na hakuna nyingine. Maneno yote mawili yana uzito: *ipo*, na *ni moja*. Alama ya ÷ inaruhusiwa kutoa jawabu pale tu masharti haya mawili yanapotimia.

Kabla ya kuendelea, tahadhari juu ya njia ambayo walimu wengi huikimbilia, ya kugawia watu vitu. "Una maandazi 0, watoto 0, kila mtoto anapata mangapi?" Darasa zima litajibu kwa sauti moja: sifuri! Nawe umekwama, maana jibu hilo halionekani kuwa na kasoro. Tatizo ni kwamba watoto hawapo, kwa hiyo kusema kila mmoja amepata 0 ni sawa na kusema kila mmoja amepata 1,000. Hakuna wa kukana. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ni ya mantiki nzito, nayo itakula dakika zako zote. Kutoa mara kwa mara nako kunanasa vilevile. "Toa 3 kutoka 12 mpaka ziishe, umetoa mara ngapi?" inafanya kazi vizuri kwa 12 ÷ 3. Ukija kwa 0 ÷ 0, mwanafunzi atasema: zimeshaisha, sijatoa hata mara moja, jawabu 0. Kwamba angeweza pia kutoa sifuri mara saba na bado zikawa zimeisha, hilo halimjii.

Badala ya kugawia watu, tumia bei ya kitu kimoja. Chora ubaoni risiti tatu za muuza embe sokoni, zikiwa sambamba, kila moja na mistari miwili: idadi ya embe na jumla ya pesa.

Risiti ya kwanza: embe ngowe 3, shilingi 90. Ya pili: embe 0, shilingi 90. Ya tatu: embe 0, shilingi 0. Swali ni lile lile kwa zote: embe moja iliuzwa kwa bei gani? Bei iliyozidishwa kwa idadi lazima ilete jumla.

Risiti ya kwanza haina ubishi, 30 × 3 = 90. Kwa risiti ya pili waache wapendekeze bei, nawe andika kila pendekezo na ulikague: 30 × 0 = 0, si 90. 500 × 0 = 0, si 90. Baada ya mapendekezo matatu wataona kwamba hakuna bei itakayokubali. Ama risiti ina kosa, ama muuzaji ana lake jambo. Hiyo ndiyo 90 ÷ 0: jawabu *halipo*. Kwa risiti ya tatu fanya vivyo hivyo, na ndipo darasa linapochangamka, kwa sababu sasa kila bei inapita. 30 × 0 = 0, sawa. 45 × 0 = 0, sawa. Shilingi milioni kwa embe moja, sawa pia. Risiti haina kosa lolote. Ila haikwambii chochote kuhusu bei. Hiyo ndiyo 0 ÷ 0: majawabu yapo, yamejaa, lakini *si moja*.

Andika chini ya risiti hizo, kwa mpangilio: moja, hakuna, zote. Usiufute mstari huo mpaka mwisho wa mazungumzo.

Swali la kwanza litakalokuja ni hili: "Basi kwa nini tusiseme jawabu ni nambari zote?" Jibu lipo kwenye alama ya sawasawa. Kama 0 ÷ 0 = 30, na pia 0 ÷ 0 = 45, basi 30 = 45, maana kitu kimoja hakiwezi kuwa sawa na viwili tofauti. Anayejua hesabu kidogo zaidi ataleta kipeo cha pili: "Mbona x² = 9 ina majawabu mawili, 3 na −3, na hatulalamiki?" Hapa sifia swali kisha kuwa makini. Mlinganyo x² = 9 ni kweli una majawabu mawili, lakini alama ya √9 imekubaliwa kumaanisha 3 peke yake. Tulikuwa na zaidi ya moja, tukachagua. Na hapo hapo mwanafunzi mwerevu atakubana: kwa nini tusichague na hapa?

Njia ya kwanza inaishia hapo. Imeonyesha kwamba kuzidisha hakutuchagulii jawabu. Haijaonyesha kwamba sisi wenyewe hatuwezi kulichagua. Ndiyo maana kwenye jedwali tumeandika "nusu".

Kuliita jawabu k

Njia hii inamchukulia mwanafunzi wa nyuma kwa uzito. Anataka tuchague? Haya, tuchague. Iwe 0/0 = k, na k iwe nambari yoyote anayoipenda; hatumuulizi ni ipi. Tunachotaka ni kimoja: kanuni ya kujumlisha sehemu iendelee kufanya kazi kama siku zote.

Andika kanuni kwanza, uijaribu kwa sehemu za kawaida, ili asiwepo wa kusema umeitunga:

a/b + c/d = (a × d + c × b) / (b × d)

1/2 + 1/3 = (1 × 3 + 1 × 2) / (2 × 3) = 5/6. Sawa. Sasa weka 0/0 pahali pa sehemu ya kwanza na 1/2 pahali pa ya pili:

0/0 + 1/2 = (0 × 2 + 1 × 0) / (0 × 2) = 0/0

Soma mstari huo pole pole. Upande wa kushoto ni k + 1/2. Upande wa kulia ni k. Kwa hiyo k + 1/2 = k, na ukiondoa k pande zote mbili, 1/2 = 0.

Uzuri wa hatua hii ni kwamba haikuuliza k ni ngapi. Imeziangusha 0, 1, 30 na milioni kwa pigo moja. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja bora kuliko zote nne, na inashangaza jinsi inavyosahauliwa. Wengi huona fahari kuonyesha 2 = 1 na kuiacha hii, ilhali hii inafanya kazi kubwa zaidi kwa mistari miwili.

Anayependa hatua nyepesi zaidi anaweza kutumia kuzidisha: 2 × (0/0) = (2 × 0)/0 = 0/0, yaani 2k = k, kwa hiyo k = 0. Lakini angalia: hii inaangusha kila jawabu *isipokuwa* 0. Ukiitumia peke yake, mwanafunzi wako wa nyuma ataruka kwa furaha, maana umemthibitishia alichokisema. Ukiitumia, lazima uifuate na ile ya 1/2.

Na mwanafunzi huyo hayuko peke yake. Mwaka 628 mwanahisabati wa Uhindi, Brahmagupta, ambaye ni miongoni mwa wa kwanza kuandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri na nambari hasi, aliandika kwamba sifuri kugawanywa kwa sifuri ni sifuri. Kanuni zake za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri tunazitumia mpaka leo. Ya kugawanya ndiyo iliyoshindwa. Kumtaja kunasaidia, kwa sababu kunamwonyesha aliyesema "0" kwamba amekosea pamoja na mtu mkubwa.

Kuna pingamizi moja la haki ambalo uwe tayari nalo. Mtu atasema: "Lakini kanuni hiyo ya kujumlisha sehemu ni ya sehemu ambazo nambari ya chini si sifuri. Umeitumia mahali isipostahili." Kweli kabisa, na usibishane naye. Kuna bei ya kulipwa hapa. Ama tuipe 0/0 jawabu, na kila kanuni ya sehemu ibebe sharti la kwamba haitumiki kwenye sifuri. Ama tuache 0/0 bila jawabu, na kila sehemu *iliyo na jawabu* itii kanuni zote bila kuulizwa. Hisabati ya shuleni imechagua la pili. La kwanza si uzushi: Lean, programu ambayo wanahisabati huitumia kukagua ithibati kwa kompyuta, imeweka kwamba nambari yoyote ikigawanywa kwa sifuri jawabu ni 0, kwa sababu programu inataka kila tendo litoe kitu. Lakini sharti halikutoweka. Limehamia kwenye kanuni, ambapo lazima uonyeshe kuwa nambari za chini si sifuri kabla ya kuzitumia.

Ukiulizwa kwa nini basi 2⁰ iliruhusiwa kuwa 1, jibu kwa kipimo hicho hicho. 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila hatua nusu ya iliyotangulia, na 1 inaendeleza mwendo bila kuvunja kanuni hata moja ya vipeo. Pale kuchagua hakukugharimu chochote.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haimwonyeshi mtu tofauti kati ya 5 ÷ 0 na 0 ÷ 0. Tena ni kavu. Gredi ya Saba ambaye bado anahangaika kutafuta nambari ya chini ya pamoja ataona herufi nne na kufunga daftari. Kwake ziache herufi, uandike nambari tupu: 0/0 + 1/2.

Ithibati bandia ya 2 = 1

Hii ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mistari yake ni hii:

1. a = b
2. a² = ab
3. a² − b² = ab − b²
4. (a − b)(a + b) = b(a − b)
5. a + b = b
6. 2b = b, kwa hiyo 2 = 1

Kosa la wasimulizi wengi ni kuiandika haraka, kungoja makofi, kisha kusema "mstari wa tano tumegawanya kwa sifuri, na hairuhusiwi". Msikilizaji anaondoka na marufuku nyingine bila sababu. Ili ifundishe, rudia mistari yote kwa nambari. Chukua a = 4, b = 4. Mstari wa 2: 16 = 16. Wa 3: 0 = 0. Wa 4: 0 × 8 = 4 × 0, bado kweli. Wa 5: 8 = 4, uongo. Sasa kila mtu anaona ukweli ulikatikia wapi, tena anaona *kwa nini*: sifuri ilikuwa imezificha 8 na 4 nyuma yake, zikaonekana sawa, nasi tulipoikata tukadai zinaweza kurudishwa. Kukata (a − b) juu na chini ni kusema 0/0 = 1. Ni jawabu hilo moja tu ambalo ithibati hii inaliangusha; anayedai 0/0 = 0 hajaguswa nayo.

Yenye faida zaidi ya mchezo huo ni binamu yake anayekaa kwenye karatasi za mtihani. Mwanafunzi anapewa x² = 5x, anakata x pande zote, anaandika x = 5, na kupoteza alama, kwa sababu x = 0 nayo ni jawabu na yeye ameitupa. Kukata x ni kugawanya kwa x, na hilo ni halali pale tu x si sifuri. Njia salama ni kuhamisha: x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, majawabu 0 na 5. Kama klabu yako imejaa wa kidato cha pili na cha tatu, mfano huu una thamani kuliko ithibati nzima, na unachukua dakika moja.

Kukaribia sifuri

Wazo ni kutokugusa sifuri bali kuisogelea kutoka pembeni, ukiangalia jawabu linaelekea wapi. Wa kidato cha nne wataikuta kwenye utofautishaji, wanapotafuta mteremko wa mchirizo mahali pamoja.

Hii ndiyo njia hatari kuliko zote ukiwa na mfano mmoja. Chukua (x² − 9)/(x − 3). Ukiweka x = 3 unapata 0/0. Ukiweka 3.1 unapata 6.1, 3.01 inatoa 6.01, 3.001 inatoa 6.001. Darasa linaona 6 inakuja, na kumi kati yao wanaandika daftarini: 0/0 = 6. Umewaharibu. Kilicho sawa na 6 ni *kikomo cha sehemu hii*, yaani pale inapoelekea, si 0 ÷ 0.

Dawa ni kuweka mifano mitatu kando kwa kando katika jedwali moja, yote ikiwa 0/0 pale x inapokuwa 0:

| x | 7x / x | x² / x | x / x² |
|---|---|---|---|
| 0.1 | 7 | 0.1 | 10 |
| 0.01 | 7 | 0.01 | 100 |
| 0.001 | 7 | 0.001 | 1,000 |
| 0 | 0/0 | 0/0 | 0/0 |

Ya kwanza imesimama kwenye 7. Ya pili inateremka kwenda 0. Ya tatu inapaa bila kituo, na ukiweka −0.001 inageuka kuwa −1,000, yaani haina hata upande mmoja wa kwenda. Mstari wa mwisho ni ule ule kwa zote tatu. Kwa hiyo ukiambiwa tu "juu ni 0, chini ni 0", huwezi kujua uko kwenye safu ipi; inabidi uambiwe *jinsi* kila moja ilivyofika sifuri. Nambari 7 hapo juu unaweza kuibadilisha kwa nambari yoyote inayotajwa na darasa, nayo itatokea. Fanya hivyo: waambie watoe nambari, wewe andika sehemu itakayoielekea. Ni ile "zote" ya risiti ya tatu, imekuja kwa mlango mwingine.

Linganisha na 5/x kwa thamani hizo hizo: 50, 500, 5,000. Badilisha 5 kwa nambari yoyote isiyo sifuri, bado itapaa. Hapo tofauti ya 5 ÷ 0 na 0 ÷ 0 inaonekana wazi, na ndiyo maana njia hii imepata "ndiyo" kwenye safu ile ya jedwali la kwanza.

Kwa yule wa "tukubaliane tu", hata hivyo, njia hii haina jibu. Atakwambia kwamba kuelekea mahali si kufika, na anaweza kuchagua jawabu la kufikia. Kwa kweli yuko sahihi. Mrudishe kwenye k.

Na kikokotoo?

Watu hupenda kuanza kwa kubonyeza 0 ÷ 0 na kuonyesha kioo. Kwenye Casio fx-82MS utatokea ujumbe wa kosa. Bonyeza 5 ÷ 0, utatokea ujumbe ule ule. Kwa hiyo kikokotoo cha mtihani ni kibaya kwa kipimo chetu cha kwanza: kinachanganya vitu viwili tulivyokuja kuvitenganisha. Kinafaa kufungulia mazungumzo kwa sekunde 30, kama swali, na kisha kiwekwe kando. Kisitumike kama ithibati. Kimefanya alichoagiza aliyekitengeneza.

Kompyuta inasaidia zaidi. Kama shule ina maabara ya kompyuta, fungua konsoli ya kivinjari na uandike mistari hii mmoja mmoja:

```
5/0
0/0
0/0 === 0/0
```

Majibu ni `Infinity`, `NaN` na `false`. Hivi viwili vya kwanza vimetofautishwa kwa makusudi na kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, kinachoongoza jinsi kompyuta zinavyoshika nambari za desimali. `NaN` maana yake ni "si nambari", na mstari wa tatu unaonyesha kwamba haikubali kuwa sawa hata na nafsi yake. Ni ajabu, lakini ina mantiki: 0/0 ya risiti moja na 0/0 ya nyingine hazina sababu ya kuwa bei moja. Usiseme tu kwamba "kompyuta imethibitisha 5/0 ni kisichoisha". Huo ni mkataba wa wahandisi, ili hesabu ndefu isisimame katikati. Lugha ya Python, kwa mfano, imeamua kusimama: `5/0` na `0/0` zote zinakupa `ZeroDivisionError`.

Ipi uichague

Kwa klabu yenye mchanganyiko, kuanzia Gredi ya Saba hadi kidato cha nne, na dakika 15: risiti tatu dakika 5 pamoja na maswali, kisha k kwa nambari tupu dakika 4, kisha x² = 5x dakika 2. Dakika nne zilizobaki ni za mikono iliyonyooshwa. Ithibati ya 2 = 1 iache nyumbani; wenye nia wataikuta wenyewe.

Kwa kidato cha tatu na cha nne peke yao, risiti zifupishe ziwe dakika 2, k kwa herufi dakika 4, na jedwali la safu tatu dakika 8. Anza na jedwali kabla ya (x² − 9)/(x − 3), kamwe si baada yake. Ukiwapa vikokotoo wajaze wenyewe, waishie kwenye 0.001. Atakayeendelea kuongeza sifuri atafika mahali mashine inaishiwa tarakimu na kukadiria. Kwenye konsoli, `3 + 1e-16` inarudi ikiwa 3 kamili, sehemu inakuwa 0/0, na mwanafunzi anadhani amegundua kitu kumbe amegundua mwisho wa tarakimu za mashine.

Kwa watoto wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa, risiti tatu peke yake, na muda wote uliobaki uwe wa 0 ÷ 5. Usishangae: wengi wao wanaichanganya na 5 ÷ 0. Embe 5, shilingi 0: embe zilitolewa bure, bei ni 0, na ni bei moja tu inayopita. Ichore iwe risiti ya nne.

Ukiona mtu anaanza kuuliza 0⁰, mwambie ni ya kikao kingine. Ile ina hesabu yake: katika kuhesabu mipangilio huwekwa kuwa 1 na inafaa vizuri, lakini kwenye vikomo inayumba kama hii. Ukiifungua dakika ya kumi na nne, hutaifunga.